Kufuata trendi au kusubiri bei irudi: chagua falsafa kwanza, indiketa baadaye

Fungua chati ya siku ya USD/JPY, weka RSI ya siku 14, kisha rudi nyuma hadi katikati ya Machi 2022. Utaikuta RSI imepita 70 na bei iko kwenye eneo la 118. Mfanyabiashara mmoja anasema soko limenunuliwa kupita kiasi, anauza. Mwingine anasema nguvu imeingia sokoni, anabaki na ununuzi wake. Wote wawili wanasoma namba ileile. Kinachowatenganisha ni imani yao kuhusu kinachofuata baada ya bei kwenda mbali: mmoja anaamini itarudi kwenye wastani, mwingine anaamini itaendelea. RSI haijui lolote kuhusu hilo. Inapima tu uzito wa siku za kupanda dhidi ya siku za kushuka.

Ndiyo maana swali la "indiketa ipi ni nzuri" halina jibu mpaka ujue unalipwa na nini.

Nani anakulipa

Anayesubiri bei irudi analipwa na mtu mwenye haraka. Kampuni inayotakiwa kulipa deni la pauni leo hainunui kwa utaratibu, inanunua tu. Mfuko wa uwekezaji unaosawazisha hesabu zake mwisho wa mwezi unafanya vivyo hivyo. Bei inasukumwa, haraka inaisha, bei inarudi. Hali hii huonekana zaidi kwenye jozi ambazo uchumi wake unafanana na riba zake zinakwenda karibu sambamba, mfano EUR/GBP. Hakuna upande wenye sababu ya kukimbia moja kwa moja.

Anayefuata trendi analipwa na ucheleweshaji. Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba tarehe 16 Machi, ikaendelea mkutano baada ya mkutano hadi Desemba, wakati benki kuu ya Japani ilibaki kwenye riba ya -0.1%. Tofauti kama hiyo haiingii kwenye bei siku moja, kwa sababu fedha kubwa huhamishwa kwa awamu na sera zenyewe hutangazwa kwa awamu. USD/JPY ilitoka karibu 115 mwanzoni mwa Machi ikafika karibu 152 tarehe 21 Oktoba.

Vyanzo hivi viwili vinatoa hesabu zenye maumbo tofauti kabisa, na umbo hilo ndilo la kukariri. Chukua dili 100, na kipimo kiwe fungu moja la hatari, yaani kiasi ulichokubali kupoteza kwenye dili moja. Kwenye kurudi kwa wastani, tuseme unashinda 70 kwa fungu 1 na kupoteza 30 kwa mafungu 2: 70 kutoa 60, unabaki na 10. Kwenye trendi, tuseme unashinda 35 tu, lakini kwa wastani wa mafungu 2.2, na kupoteza 65 kwa fungu 1: 77 kutoa 65, unabaki na 12. Namba ni za mfano, ila zinaonyesha panapovuja. Yule wa trendi akiogopa na kufunga faida kwenye fungu 1.5, anapata 52.5 dhidi ya 65, na mfumo umekufa. Yule wa wastani akiiachia hasara moja tu ifike mafungu 15 kwa sababu "itarudi tu", faida ya dili nyingine 99 imeliwa yote.

Kwa hiyo kabla ya kuweka mstari wowote kwenye chati, andika sentensi moja: *nitatoka lini nikiwa sahihi?* Jibu likiwa "bei ikifika mahali fulani", wewe ni wa kurudi kwa wastani. Jibu likiwa "bei ikigeuka", wewe ni wa trendi. Indiketa zako zote zinatokana na sentensi hiyo.

Swali la kila upande, na kifaa kinachojibu

Mtu wa wastani anauliza: bei iko mbali kiasi gani na kawaida yake, ukilinganisha na mtikisiko wa siku hizi? Hapo Bollinger Bands inajibu sawasawa. Mpangilio wa 20 na 2 una maana ya wastani wa siku 20, na mikanda iliyowekwa umbali wa tofauti sanifu mbili juu na chini. RSI nayo inafaa, lakini kwa muda mfupi: RSI ya siku 2 hadi 5 inakamata haraka ya siku mbili tatu, wakati RSI ya 14 kwenye soko tulivu inaweza kukaa wiki kadhaa bila kugusa 30 wala 70.

Mtu wa trendi anauliza: je, bei imetoka nje ya mahali pote ilipokuwa kwa muda mrefu? Kifaa cha moja kwa moja ni Donchian Channels, yaani bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ndani ya siku fulani. Wanafunzi wa mfanyabiashara Richard Dennis huko Chicago, aliowafundisha kuanzia 1983, walitumia kutobolewa kwa siku 20 na siku 55, yaani bei kupita kilele au bonde la siku hizo, na namba hizo bado zinatumika. TradingView ina kifaa hicho tayari. Kwenye MetaTrader hakimo miongoni mwa vile vya kawaida, lakini hukihitaji: hesabu mishumaa 55 nyuma na uchore mstari mlalo kwenye kilele.

Wastani unaotembea unafanya kazi hiyohiyo kwa kuchelewa zaidi. Wastani sahili wa siku 50 kimsingi unakuonyesha bei ya siku 24 na nusu zilizopita. Kwa mtu wa trendi ucheleweshaji huo ni gharama anayoilipa ili asitolewe na kila mtikisiko. Kwa mtu wa wastani hauna faida yoyote, kwa kuwa haraka anayoisubiri huisha ndani ya siku chache.

ATR haina upande. Inapima mwendo wa kawaida wa siku na inatumika na wote kupangia stop losi na ukubwa wa loti. Angalizo dogo: MetaTrader hukokotoa ATR kwa wastani sahili na TradingView kwa ulainishaji wa Wilder, mbunifu wa ATR, kwa hiyo usishangae ukiona namba zinapishana kidogo. Chagua moja uibakie.

Kosa linaloonekana kwenye chati nyingi ni kuweka RSI, Stochastic na CCI pamoja na kusema "zote tatu zimethibitisha". Hao ni mashahidi watatu wa nyumba moja: zote zinauliza bei ya leo iko wapi ndani ya mwendo wa karibuni, na zote zitasema ndiyo siku ileile na zitakosea siku ileile. Uthibitisho wa kweli unatoka kwenye swali tofauti, mfano umbali wa bei pamoja na hali ya soko. Hali ya soko tutaifikia.

Kwanza, saa ya kufunga mshumaa

Kila kinachofuata kinatumia chati ya siku, na siku ya soko la fedha inafungwa saa kumi na moja jioni ya New York. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa sita usiku wakati Marekani iko kwenye saa za kiangazi, na saa saba usiku wakati wa baridi. Angalia seva ya broka wako: ikifunga mishumaa kwa saa za London utakuwa na kipande cha mshumaa wa Jumapili, na Bollinger, RSI na ATR zako zote zitapotoka. Usiweke oda dakika ileile ya kufunga, kwa sababu spredi hutanuka sana wakati siku inageuka. Nusu saa baadaye inatosha, au hata asubuhi.

Trendi: USD/JPY, Machi 2022

Kanuni ziko tano na zinaandikika kwenye karatasi moja.

1. Nunua mshumaa wa siku ukifunga juu ya kilele cha siku 55. Uza ukifunga chini ya bonde la siku 55.
2. Stop losi ya mwanzo iwe ATR 2 kutoka bei ya kuingia.
3. Hatari isizidi 1% ya akaunti.
4. Toka bei ikigusa bonde la siku 20 (au kilele cha siku 20 kama uliuza).
5. Hakuna lengo la faida.

Januari 2022 bei ilifika karibu 116.35 ikarudi. Februari ikafika palepale, ikarudi tena. Tarehe 11 Machi ilifunga juu yake, karibu 117.30. Tuseme ATR ni 0.80. Stop losi inakaa 1.60 chini, yaani 115.70, sawa na pipsi 160. Loti 0.01 ni dola 1,000, na pipsi moja ni yeni 10, karibu senti 8.5 za dola kwa bei hiyo. Pipsi 160 ni dola 13.6. Akaunti ya dola 2,000 yenye kikomo cha 1%, yaani dola 20, inaruhusu loti 0.01 tu, maana 0.02 ingehatarisha dola 27. Wengi hapa huisogeza stop losi karibu ili waweke loti kubwa. Wakifanya hivyo wanabadilisha mfumo: stop losi ya pipsi 50 kwenye jozi inayotembea pipsi 80 kwa siku ya kawaida itaguswa hata kama trendi iko sahihi.

Bei ilifika 125 tarehe 28 Machi na kupita 131 mwishoni mwa Aprili. Bonde la siku 20 lilikuwa linapanda nyuma yake, na mwishoni mwa Mei bei iliposhuka lilikutoa kwenye eneo la 127. Hiyo ni yeni 9.7, au yeni 9,700 kwa loti 0.01, karibu dola 76. Uliweka dola 13.6 hatarini, ukapata zaidi ya mara tano. Tazama pia ulichoacha mezani: kutoka kilele cha 131 hadi 127 ni pipsi 400 zilizoonekana kwenye akaunti kisha zikapotea. Hilo halirekebishiki. Ukikaza mlango wa kutokea ili uokoe pipsi hizo 400, ungetolewa mapema wakati bei ilipojikunja mwishoni mwa Machi kutoka 125 kurudi karibu 121.

Yule aliyeuza 118.50 kwa sababu RSI imepita 70, akiwa na stop losi ya ATR 1.5 kwenye 119.70, alipigwa ndani ya siku chache. Akiuza tena kila RSI inapopita 70, anapigwa tena. Kwenye trendi kali RSI ya 14 juu ya 70 ni hali ya kawaida ya soko, na baadhi ya watu wa trendi huitumia kama ruhusa ya kuingia.

Halafu kuna swopu, yaani riba ya kila usiku unaolala na dili wazi. Aliyenunua USD/JPY mwaka ule alikuwa upande wenye riba kubwa, na aliyeuza alikuwa analipa kila usiku, mara tatu usiku wa Jumatano. Dili la wastani lililopangwa siku tano likageuka la wiki sita, swopu peke yake inaanza kuuma.

Upande mchungu wa trendi ni huu: kwa kiwango cha kupoteza cha 65%, hasara nane mfululizo ndani ya dili 100 zina uwezekano mkubwa wa kutokea kuliko kutotokea. Na kuna siku soko linapigwa kutoka juu. Tarehe 22 Septemba 2022 serikali ya Japani iliingia sokoni kununua yeni, na bei ikaanguka kutoka karibu 146 hadi karibu 140 ndani ya saa chache, kisha ikapanda tena na kupita pale ilipokuwa. Stop losi nyingi zilizowekwa karibu ziliguswa siku ile kwa trendi ambayo haikuwa imekwisha.

Kurudi kwa wastani: EUR/GBP, 2023

Nusu ya pili ya 2023 jozi hii ilizunguka kati ya 0.85 na 0.877, takriban. Julai iligusa karibu 0.8505. Agosti ikatobolea kidogo chini ya 0.8500, na waliouza kwa kutobolewa wakanaswa, kwani Septemba ilikuwa imerudi karibu na 0.8700. Soko kama hili ndilo linalomla mtu wa trendi polepole.

Kanuni za kuanzia ni hizi:

1. Subiri mshumaa wa siku ufunge chini ya mkanda wa chini wa Bollinger (20, 2).
2. Usinunue bado. Nunua mshumaa unaofuata ukifunga ndani ya mkanda tena. Unapoteza pipsi kadhaa, lakini unakwepa siku ambazo bei inateleza kwenye mkanda wiki nzima.
3. Lengo ni mstari wa katikati, yaani wastani wa siku 20.
4. Stop losi ATR 1.5 chini ya bei ya kuingia.
5. Ikifika siku ya 10 bado hujafika popote, funga.

Upande wa juu ni vilevile kinyume. ATR ikiwa pipsi 40, stop losi ni pipsi 60. Pipsi moja ya loti 0.01 ni peni 10 za Uingereza, karibu senti 12 hadi 13 za dola, hivyo hatari ni kama dola 7.6. Loti 0.02 inakaa ndani ya dola 20.

Kanuni ya tano ndiyo watu huifuta kwanza, na ndiyo muhimu kuliko zote. Mstari wa katikati hausimami. Bei ikikaa chini, wastani wa siku 20 unaishukia. Unaweza kununua 0.8600 wakati wastani ni 0.8660, na wiki mbili baadaye bei ikaugusa wastani kweli, ila wastani wenyewe sasa uko 0.8580. "Imerudi kwenye wastani," na wewe una hasara ya pipsi 20. Muda ukipita bila bei kurudi, haraka uliyoidhani haikuwa haraka, ni mtu mwenye sababu.

Gharama nazo zinaubana upande huu zaidi. Spredi ya pipsi 1.5 kwenye lengo la pipsi 50 ni 3%. Ukihamisha kanuni hizihizi kwenye chati ya dakika 15 ambako lengo ni pipsi 8, spredi ileile inakula karibu moja ya tano ya kila ushindi, na ushindi mdogomdogo ndio mshahara wako wote.

Kuhusu stop losi kuna mvutano wa kweli. Kimantiki, bei ikienda mbali zaidi ishara ya kununua inazidi kuwa nzuri, kwa hiyo stop losi inakutoa mahali pabaya kabisa. Wapo wanaoiweka mbali, ATR 3, na kupunguza loti kwa nusu. Mimi naona hiyo ni sawa. Kuondoa stop losi kabisa si sawa, na hata stop losi si kinga kamili. Tangu tarehe 6 Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ililinda EUR/CHF isishuke chini ya 1.20, na kununua karibu na 1.20 kulionekana dili tamu kuliko yote ya kurudi kwa wastani. Tarehe 15 Januari 2015 ulinzi uliondolewa bila onyo. Bei iliporomoka chini ya 1.00 ndani ya dakika, na stop losi zikajazwa mbali sana na zilipowekwa kwa sababu katikati hapakuwa na wanunuzi. Aliyenusurika ni aliyekuwa na loti ndogo. Bei inayorudi kwa sababu kuna mtu anaishikilia itarudi mpaka siku atakapoiachia.

Kujua leo ni soko la nani

ADX ya 14 ndiyo inayotumika zaidi: chini ya 20 hakuna mwelekeo, juu ya 25 upo, wa kupanda au wa kushuka. Inachelewa, kwani imelainishwa mara mbili. MetaTrader 5 ina matoleo mawili, la kawaida na la Wilder, na hayatoi namba moja; mipaka ya 20 na 25 imezoeleka zaidi na la Wilder.

Njia ninayoipendelea inafanyika kwenye lahajedwali na unaona kila inachofanya. Weka bei 21 za kufunga kuanzia B2 hadi B22, kisha:

```
=ABS(B22-B2)/SUMPRODUCT(ABS(B3:B22-B2:B21))
```

Inagawanya umbali halisi uliosafiriwa kwa jumla ya hatua zote. Ikitoa 1, bei imenyooka bila kurudi nyuma. Ikitoa 0, imezunguka na kurudi ilipoanzia. Ila bei inayotembea ovyo kwa siku 20 hutoa wastani wa kama 0.22. Kwa hiyo ukiona 0.20 usiseme "hili ni soko la kuzunguka", hujaona chochote bado. Inapozidi 0.40 siruhusu dili la wastani. Ninapoona chini ya 0.15 kwa wiki kadhaa, siruhusu kutobolewa kwa siku 20, ila ya siku 55 naiacha iendelee, kwa sababu trendi kubwa nyingi huanzia kwenye utulivu wa aina hiyo. USD/JPY ya Februari 2022 ilikuwa imelala.

Tumia kichujio hiki kukuambia ukae pembeni. Kukitumia kubadilisha falsafa kila wiki kunakufanya uingie kwenye trendi inapoisha na kwenye mzunguko unapovunjika, maana kila kipimo cha hali ya soko kinaeleza yaliyokwisha pita.

Dalili kuwa umechanganya

Kwenye leja yako, weka safu ya wastani wa ushindi na wastani wa hasara, ukizipima kwa mafungu ya hatari, si kwa dola. Baada ya dili 30 hadi 40 zisome pamoja na asilimia ya ushindi. Umeingia kwa kutobolewa, unashinda 55%, lakini ushindi wa wastani ni 0.8: unaingia kama mtu wa trendi na kutoka kama mtu wa wastani, pengine unafunga RSI ikigusa 70. Iondoe RSI kwenye chati hiyo. Umeingia kwa Bollinger, unashinda 75%, lakini hasara moja au mbili zimepita mafungu 4: dili lilipoharibika ulilibatiza jina la "la muda mrefu". Angalia tarehe za hasara hizo kubwa, karibu zote zitakuwa zimevuka siku ya 10. Na ukiwa umenunua USD/JPY, EUR/JPY na GBP/JPY kwa wakati mmoja, ziandike kwenye leja kama dili moja lenye hatari ya 3%, kwa sababu yeni ikigeuka zitafungwa zote usiku mmoja.